Feni, Duveti na Waya Uliopotea: Nani Aligusa Chumba cha Pistorius?

Kati ya picha zote zilizoonyeshwa mahakamani Pretoria mwaka 2014, iliyonikaa kichwani mpaka leo si ya damu wala ya bastola. Ni ya chumba cha kulala. Feni imesimama karibu na mlango wa roshani, pazia liko wazi, duveti limelala sakafuni na suruali ya jinzi iko karibu yake. Ni vitu vya kila siku ambavyo mtu huviruka asubuhi bila kuviangalia mara mbili. Lakini kwa siku kadhaa kesi ya mauaji iliyofuatiliwa dunia nzima ilikwama pale, kwenye feni na duveti, kwa sababu ya swali moja: je, ndivyo chumba kilivyokuwa usiku ule, au kuna askari aliyevisogeza?

Wengi wanaikumbuka kesi yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini anayetumia miguu ya bandia, alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, ndani ya nyumba yake katika makazi ya Silver Woods, mashariki mwa Pretoria. Nyuma ya mlango alikuwepo mpenzi wake, Reeva Steenkamp, akafariki. Pistorius hakukana kufyatua. Alisema alidhani ni mwizi. Kwa maelezo yake, aliamka, akaingiza feni kutoka roshani, akafunga mlango na pazia, kisha akasikia kishindo bafuni. Chumba kilikuwa giza na alidhani Reeva yuko kitandani.

Mwendesha mashtaka Gerrie Nel akamwekea ile picha mbele. Kama feni ilikuwa pale ilipo, mlango haukuweza kufunguka kama asemavyo. Kama duveti lilikuwa sakafuni, hadithi ya mtu aliyelala kitandani amejifunika inayumba. Jibu la Pistorius lilikuwa fupi: polisi walivisogeza. Na hapo ndipo upande wa mashtaka ulipojikuta unatetea viatu na mikono ya askari wake wenyewe, wakati ulikuja kumshtaki mtu mwingine.

Ninaichagua kesi hii kwa makusudi. Tunapozungumza kuhusu kuharibika kwa eneo la tukio tunafikiria mambo makubwa, kama vile mhalifu aliyerudi kufuta damu, au umati uliokanyaga kila kitu. Silver Woods hapakuwa na umati. Palikuwa na geti, walinzi, nyumba inayofungwa na polisi waliofika mapema. Hata hivyo eneo liliharibika, na walioliharibu ni watu waliokuwa na haki zote za kuwa pale. Rai yangu ni kwamba tatizo lao kubwa halikuwa kugusa. Kugusa hakukwepeki. Tatizo lilikuwa kugusa bila kuandika, na kupiga picha bila kuonyesha ipi ilitangulia ipi.

Tuanze na waliotangulia. Risasi zilisikika kabla ya saa 9:20 usiku. Pistorius alivunja mlango wa choo kwa gongo la kriketi, akambeba Reeva na kumshusha ngazi. Kwa kitendo hicho peke yake, matone ya damu yalitoka bafuni yakapita sebuleni, mlango ukapasuka vipande na mwili ukahama. Wakaja msimamizi wa makazi na binti yake. Akaja daktari jirani aliyejaribu kufungua njia ya hewa. Wakaja wahudumu wa ambulansi. Kanali wa polisi, van Rensburg, mkuu wa kituo cha Boschkop, aliingia kabla ya saa 10 alfajiri na kukuta yote hayo yamekwisha kutokea.

Hapo hakuna wa kulaumiwa. Kuokoa maisha kunatangulia ushahidi, na mhudumu wa ambulansi anayesita kukanyaga damu wakati mtu anakata roho hafai kazi ile. Lakini askari wa kwanza kufika ana kazi mahususi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya baadaye: kuwashika wale waliotangulia kabla hawajaondoka na kuwauliza maswali mepesi. Umeingilia wapi? Umepita ngazi gani? Umegusa nini, umesogeza nini, umeacha nini? Taa ulizikuta zinawaka au uliziwasha wewe? Glavu zako ulizitupa wapi? Vifungashio vya bandeji na vipande vya glavu vilivyoachwa na wahudumu vimewahi kuwapotezea wapelelezi muda mwingi, kwa sababu siku ya tatu hakuna anayekumbuka ni vya nani. Maswali hayo huchukua dakika chache kwa kila mtu. Yakikosa kuulizwa alfajiri ile, yataulizwa na wakili mwaka unaofuata, na majibu yatakuwa "sikumbuki vizuri".

Kisha kuna mipaka. Wanaofundisha kazi hii husema zingira eneo kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa kuwa utepe unaweza kusogezwa ndani wakati wowote, ila ukiupeleka nje baada ya saa mbili, umezingira ardhi iliyokwisha kukanyagwa. Mpaka wa ndani ni wa wenye kazi ya mikono: mpigapicha, mtaalamu wa alama za vidole, mchukuaji wa sampuli. Mpaka wa nje ni wa wakubwa, magari na waandishi wa habari. Kutoka mpaka mmoja hadi mwingine kuwe na njia moja tu ya kupita, iliyochaguliwa mahali ambapo mhalifu hakutarajiwa kupita, na wote waingie na kutoka hapohapo. Mlangoni asimame askari mwenye daftari. Anaandika jina, cheo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na sababu ya kuingia.

Safu ile ya mwisho, ya sababu, ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Kila mkubwa anapenda kuangalia. Akifika afisa wa ngazi ya juu, askari wa mlangoni hawezi kumwambia "rudi, afande", ila anaweza kumuuliza kwa adabu, "Niandike unaingia kufanya nini, mkuu?" Wengi hukumbuka kwamba hawana cha kufanya ndani. Na atakayeingia anajua ataitwa mahakamani kueleza.

Silver Woods ilionyesha kwa nini daftari lile linahitajika. Van Rensburg alieleza mahakamani kwamba ndani ya chumba kulikuwa na sanduku la saa za mkononi za bei kubwa. Aliwaonya askari. Kabla siku haijaisha, saa moja ilikuwa imepotea, baadaye nyingine, na waliokuwa ndani walipekuliwa bila mafanikio. Watu walicheka waliposikia habari hii. Mimi naiona kwa jicho la wakili wa utetezi. Kama kulikuwa na mtu mle ndani mwenye uwezo wa kutoa saa bila kuonekana, utamwambiaje jaji kwamba hakuna mwenye uwezo wa kusogeza feni bila kuonekana?

Tukio la pili ni la bastola. Van Rensburg alisema aligeuka akamwona mtaalamu wa silaha ameishika bastola bila glavu na ameshachomoa magazini. Akamuuliza anafanya nini. Yule akaomba radhi, akairudisha, akavaa glavu. Kuiweka silaha katika hali salama ni jambo la lazima, hilo sibishi, kwani bastola yenye risasi chemba inaweza kumuua mpelelezi. Lakini kuna utaratibu wake. Kwanza piga picha silaha ilivyolala, mdomo umeelekea wapi, kifyatulio kikoje, usalama umewashwa au la. Vaa glavu. Ndipo utoe magazini, uhesabu, uangalie chemba, na uandike kila ulichokikuta kwa mpangilio uliokikuta. Alama za vidole kwenye chuma huwa ni unyevu na mafuta membamba ya ngozi, na kidole kimoja cha mtaalamu kinatosha kuzifuta. Na "kuirudisha" silaha hakurudishi chochote. Kitu kikishainuliwa, picha itakayofuata ni picha ya mahali askari alipokiweka. Kuanzia hapo uaminifu unadai kiachwe kilipo na iandikwe: kiliinuliwa saa fulani na fulani, kwa sababu hii.

Upande wa vinasaba hali ni kali zaidi. Seli moja ya binadamu ina takriban pikogramu 6 tu za vinasaba, na maabara za leo hupata wasifu wa mtu kutoka kiasi kisichofika nanogramu moja, yaani seli mia moja hivi, kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Ndiyo maana barakoa huvaliwa hata kama hakuna harufu, na glavu hubadilishwa kila kielelezo. Glavu moja iliyovaliwa asubuhi hadi jioni humlinda askari na kuvisaliti vielelezo, maana hubeba chembe za kitasa mpaka kwenye gongo, na za gongo mpaka kwenye shuka. Kwa sababu hiyohiyo waliofika mwanzo, wakiwemo wahudumu wa ambulansi, hutoa sampuli zao za vinasaba na alama za vidole na za soli za viatu, ili maabara iweze kuwaondoa kwenye hesabu.

Mpelelezi wa kwanza wa kesi hii, Hilton Botha, alikiri wakati wa maombi ya dhamana kwamba alitembea ndani bila kuvaa vifuniko vya viatu, kwa kuwa vilikuwa vimekwisha. Vifuniko vile ni plastiki nyepesi na bei yake ni ndogo sana. Na ilikuja kujulikana kwamba wataalamu wa utetezi, walipoingia baada ya polisi kumaliza, walikuta kipande cha risasi ndani ya bakuli la choo. Polisi walikuwa wamekiacha. Chumba chenyewe ndicho alichopigiwa risasi marehemu, ni kidogo, na risasi zilizoingia zilijulikana ni nne. Kazi ya kutafuta ilipaswa kuongozwa na hesabu: matundu manne mlangoni, maganda mangapi yameonekana, vipande vingapi vimepatikana, kipi hakijaonekana bado. Eneo haliachiwi mpaka hesabu ifungwe, au iandikwe wazi kwamba haikufungwa.

Sasa turudi kwenye picha, ambazo ndizo kiini cha yote.

Mpigapicha wa polisi, van Staden, aliapa kwamba alipiga eneo kama alivyolikuta, kisha akapiga tena baada ya vitu kuinuliwa ili kuonyesha vilivyokuwa chini yake. Kufanya hivyo ni sahihi kabisa, kwani kila kielelezo kinachoinuliwa kinatakiwa kupigwa picha ya pili. Wakili wa utetezi, Barry Roux, hakubishana na hilo. Alichofanya ni kuziweka picha sambamba na kusoma saa zilizorekodiwa na kamera. Van Staden alikuwa amesema alikuwa peke yake juu wakati anapiga. Roux akatoa picha za afisa mwingine zilizochukuliwa dakika zilezile, kwenye vyumba vilevile. Akaonyesha vitu ambavyo havikai mahali pamoja katika picha mbili. Shahidi akabaki anaeleza kwa kinywa kile ambacho karatasi ilitakiwa kukieleza.

Mpangilio mzuri wa picha si siri ya wataalamu. Fremu ya kwanza ni karatasi yenye namba ya jalada, tarehe, saa na jina la mpigapicha, na saa ya kamera inalinganishwa na saa ya daftari la mlangoni kabla ya kuanza. Baada ya hapo unaanzia mbali: nyumba kwa nje, njia ya kuingilia, mlango. Ukifika chumbani unapiga kutoka kila pembe nne, kila picha ikigusana kidogo na iliyotangulia, ili mtu ambaye hajawahi kufika aweze kukizunguka chumba kwa macho. Ndipo unasogea umbali wa kati, ambapo kielelezo kinaonekana pamoja na kitu kisichohama kama fremu ya mlango au kona ya ukuta. Hii ndiyo picha inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayojibu swali la feni, kwa kuwa inapima feni kwa ukuta. Mwisho ni ya karibu, mara moja bila rula na mara moja ikiwa na rula, kamera ikiangalia kielelezo moja kwa moja kutoka juu. Rula ya alama ya kiatu kwenye tope huwekwa kwenye kina kilekile cha unyayo, si juu ya ukingo, la sivyo kipimo kitadanganya.

Yote haya hufanyika kabla vibao vya namba havijawekwa. Vibao vikishawekwa, mtu ameshatembea pale. Halafu unarudia na vibao. Picha iliyotoka na ukungu haifutwi, kwa sababu pengo katika namba za fremu litaulizwa, na "ilikuwa mbaya nikaifuta" ni jibu ambalo hakuna anayeweza kulithibitisha.

Kilichokosekana Silver Woods ni mstari mmoja kwenye daftari la picha: kuanzia fremu namba fulani, eneo limeguswa. Mstari huo ungezigawa picha zote mafungu mawili. Fungu la kwanza ni chumba cha Pistorius, fungu la pili ni chumba cha polisi. Bila mstari huo, picha nzuri na safi zilichanganyika zikawa kama karata zilizochezeshwa, na kila upande ukachagua ile inayoufaa.

Jambo la kuvutia ni kwamba chumba chenyewe kilijaribu kujitetea. Nel alionyesha matone ya damu yaliyorukia duveti na kuendelea kwenye zulia lililo kando yake. Kama mtu angelisogeza duveti asubuhi, mfuatano wa matone ungekatika pale ukingoni. Haya ndiyo mambo ambayo mpelelezi makini huyatafuta: vumbi lisilo na doa chini ya kitu, alama ya mguu wa meza kwenye zulia, damu inayovuka kutoka kitu kimoja hadi kingine. Kitu kilichokaa mahali muda mrefu au kilichokuwepo wakati wa tukio huacha kivuli chake. Lakini ushahidi wa namna hii ni wa bahati. Damu iliangukia duveti, haikuangukia feni.

Mlango wa choo nao una habari yake. Ulikuwa kielelezo kikuu kuliko vyote: matundu ya risasi yanaonyesha kimo cha mpigaji na mwelekeo, na alama za gongo zinaonyesha kama alikuwa amevaa miguu ya bandia au la alipouvunja. Uling'olewa, ukatiwa kwenye mfuko wa kubebea maiti kwa kuwa mifuko ya vielelezo ilikuwa midogo, ukafungiwa ofisini kwa mkuu wa kituo. Baadaye, mbele ya mtaalamu Vermeulen, utetezi ukauliza kuhusu alama za viatu zilizoonekana juu ya mlango kwenye picha, na kuhusu vipande vya mbao ambavyo havikuonekana tena. Vermeulen alikuwa amekuja kuthibitisha jambo moja la kitaalamu, kwamba gongo lilipigwa na mtu asiyevaa miguu ya bandia. Akajikuta anajibu maswali ya nani alikanyaga mlango.

Kuna waya pia. Pistorius alisema feni ziliunganishwa kwenye ekstensheni ya umeme, na urefu wa waya ule ungeonyesha kama feni ziliweza kufika alikosema. Waya ulionekana kwenye picha. Ulipohitajika, haukupatikana. Haukuwa umeorodheshwa kama kielelezo, na kwa kweli alfajiri ile nani angejua kwamba ekstensheni ina thamani? Sitaki kumlaumu mtu kwa kutojua. Ninachosema ni kwamba nyumba ilipaswa kubaki imefungwa na kulindwa mpaka maelezo ya mtuhumiwa yasikilizwe na eneo lirudiwe yakiwa mkononi. Vitu ambavyo havina maana saa 11 alfajiri hupata maana mtu anapofungua kinywa.

Wapo watakaosema, mbona mwisho wake haki ilipatikana? Ni kweli kwamba Jaji Thokozile Masipa, akisoma hukumu Septemba 2014, alisema masuala ya polisi kuchafua eneo, urefu wa waya uliopotea na uhalisi wa picha yalikuwa yamefifia na kukosa uzito mbele ya ushahidi mwingine. Akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaibadilisha kuwa hatia ya mauaji bila kuhitaji feni wala duveti. Lakini tuangalie kwa nini yalififia. Mpigaji alijulikana tangu dakika ya kwanza. Alikubali silaha ni yake, alikubali alifyatua, alikubali mahali na saa. Kilichobaki ni nia yake. Majirani walisikia, simu zilirekodi muda, mlango ulikuwa na matundu. Chukua chumba kilekile, askari walewale na picha zilezile, halafu mtuhumiwa aseme "sikuwepo". Hapo bastola iliyoshikwa bila glavu ndiyo kesi nzima, na aliyechukua saa iliyopotea anaweza kuwa ndiye aliyeua.

Kesi nyingi za Afrika Mashariki ni za "sikuwepo". Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ilitaka kuwepo kumbukumbu za maandishi zinazofuatana kwa wakati kuhusu ukamataji, utunzaji, uhamishaji na uchunguzi wa kielelezo. Baada ya hapo mawakili wengi wamelishika shauri lile kama fimbo. Mahakama yenyewe imelegeza kidogo baadaye kwa vitu visivyobadilika kirahisi, na ni haki kufanya hivyo, kwani pikipiki yenye namba za chesisi haifanani na unga kwenye karatasi. Lakini mnyororo wa kielelezo huanzia sakafuni, kabla hakijatiwa kwenye bahasha. Bahasha iliyofungwa vizuri na kusainiwa na watu watano haimwambii jaji kama ganda la risasi lilikuwa chini ya dirisha au lilipigwa teke na buti likafika pale.

Miaka kadhaa iliyopita mtaani kwetu aliuawa mlinzi wa duka. Ilikuwa alfajiri na mawingu yameshatanda. Wamama wawili wakaleta kanga wakamfunika, kwa sababu kwetu maiti haiachwi wazi, na mimi nisingeweza kuwaambia waache. Fundi uashi mmoja, mzee ambaye hakuwahi kusomea upelelezi, akaona alama ya kiatu kwenye udongo mbichi nyuma ya duka, akachukua karai lake akaligeuza akaifunika. Mvua ikanyesha, karai likahimili. Askari walipofika walimshukuru, wakalifunua, wakaangalia alama, wakaendelea kuuliza nani ameona nini. Hakuna aliyekuwa na rula wala aliyepiga picha kwa simu. Karai halikurudishwa mahali pake. Ilipofika adhuhuri pale nyuma palikuwa tope tupu lenye alama za kila mtu.

Kanga ile nimeifikiria sana. Kitambaa cha nyumbani kina nyuzi, nywele na chembe za ngozi za wote waliokitumia, na ukikilaza juu ya maiti umezihamishia pale, na za pale umezifuta. Los Angeles mwaka 1994 polisi walichukua blanketi kutoka ndani ya nyumba ya marehemu Nicole Brown wakamfunika ili kamera za habari zisimwone, na upande wa O. J. Simpson, aliyeshtakiwa kwa kumuua, ukalitumia blanketi hilo kuhoji nywele zilizopatikana. Nia ilikuwa ya heshima. Suluhisho ni kuisimamisha kanga badala ya kuilaza: watu wanne wakashika kanga mbili kama pazia, wakiwa hatua kadhaa kutoka kwenye maiti, mpaka polisi waje na turubai. Stara inabaki na maiti haiguswi. Na kama ameshafunikwa, asifunuliwe na raia. Aambiwe askari: kanga hii ni ya fulani, aliiweka saa fulani, na yenyewe ichukuliwe kama kielelezo.

Kituo kisicho na bajeti ya vifuniko vya viatu bado kina daftari la mistari na kalamu. Ningeomba kila gari la doria libebe karatasi moja iliyopigwa chapa, ya askari wa kwanza, yenye nafasi za saa ya kufika, waliokutwa ndani, waliotoka, milango na taa zilivyokutwa, vilivyoguswa na nani na kwa nini, na sehemu tupu ya kuchora chumba kwa mkono. Mchoro wa dakika tano, kitanda hapa, feni pale, hatua mbili kutoka mlango wa roshani, ukasainiwa saa 10 alfajiri kabla ya mpigapicha kuwasili. Karatasi kama hiyo ikiwepo Pretoria, Roux angeuliza feni ilikuwa wapi, na van Rensburg angeichomoa kwenye jalada na kumsomea.